Mabano Yaliyohama: Kiarabu na Kiswahili Ndani ya Mstari Mmoja

Kijitabu kilikuwa cha kurasa 64, masomo ya Ramadhani kwa wanafunzi wa madrasa. Ustadhi mwenye kazi aliniletea kwenye flashi dukani kwangu Tanga, ninakochapa na kupanga maandishi ya watu. Kila somo lilikuwa na maelezo ya Kiswahili, na katikati ya maelezo lilitajwa jina la kitabu cha Kiarabu kwa hati yake yenyewe, likifuatiwa na mabano yenye namba za kurasa za kusoma. Nilipolifungua faili nikaona mabano yametoka nyuma ya jina la kitabu, yamekaa mbele yake. Namba nazo zilikuwa zimepinduka. Palipotakiwa kuwa 12-15 palisomeka 15-12.

Nikafanya wanachofanya wachapaji wengi: nikasahihisha kwa jicho. Mabano niliyaacha yalipo, maana kila nilipoyasogeza yalirudi. Namba nilizigeuza moja moja. Nilipoona 15-12 niliifuta na kuichapa kinyume mpaka kioo kikaonyesha 12-15. Zilikuwa sehemu arobaini na kitu, nikamaliza asubuhi moja na kujiona fundi.

Baada ya siku tatu Ustadhi akarudi na ombi dogo. Alitaka ndani ya kila bano iongezwe "uk.", wanafunzi wajue kuwa hizo ni kurasa wala si namba za aya. Nikaagiza programu itafute na kubadilisha kwa mkupuo, nikatoa nakala ya majaribio, nikampa. Akaifungua, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, hapa watoto watasoma wakirudi nyuma?"

Mabano yote yalikuwa yamerudi mahali pake yenyewe, nyuma ya jina la kitabu, bila mimi kuyagusa. Ila ndani yake mlisomeka "uk. 15-12", "uk. 40-33", "uk. 9-7", kitabu kizima. Neno moja la Kiswahili lilikuwa limeponya ugonjwa, likaanika na dawa ya kienyeji niliyoupaka.

Nilihitaji muda kuelewa kilichotokea. Nilipoelewa, niliona kuwa kompyuta haikuwa imekosea hata mara moja katika safari yote ile.

Kinachowachanganya watu ni kudhani kwamba kilicho kwenye kioo ndicho kilicho kwenye faili. Sivyo. Faili huhifadhi herufi kwa mpangilio wa kusoma: herufi ya kwanza ya kutamkwa huwa ya kwanza, iwe ya Kiarabu au ya Kilatini, na ya mwisho huwa ya mwisho. Ndani ya faili hakuna kulia wala kushoto, kuna kabla na baada tu. Ni pale maandishi yanapopelekwa kwenye kioo au karatasi ndipo programu inapoamua kipande kipi kianzie kulia na kipi kianzie kushoto. Uamuzi huo hufuata kanuni moja iliyowekwa na Unicode, mfumo uleule unaoipa kila herufi ya kila lugha namba yake.

Kanuni hiyo huzigawa alama katika makundi. Lipo kundi la herufi zenye msimamo: alifu na bee huenda kulia kwenda kushoto popote zilipo, na a na b huenda kushoto kwenda kulia popote zilipo. Hizi hazina shida. Lipo kundi la tarakimu, ambazo zenyewe husomwa kushoto kwenda kulia hata ndani ya Kiarabu, lakini namna zinavyopangwa na jirani zake hutegemea herufi iliyotangulia. Halafu lipo kundi la bendera fuata upepo: nafasi, mabano, kistari, alama ya mshangao. Hizi hazina upande wao. Zikiwa katikati ya Kiarabu zinakuwa za Kiarabu, na zikiwa katikati ya Kiswahili zinakuwa za Kiswahili. Zikikaa mpakani, Kiarabu huku na Kiswahili kule, zinafuata mwelekeo wa aya nzima. (Nikisema aya humu nina maana ya fungu la maandishi. Kwa Ustadhi ilinibidi nieleze mara mbili.)

Sasa tuupitie mstari mmoja wa kijitabu kile. Kwa kuwa hata ukurasa huu unaousoma ungeweza kuvurugwa na jambo lilelile, nitaandika Kiarabu kwa herufi kubwa za Kilatini. Popote uonapo herufi kubwa tupu, chukulia kuwa ni hati ya Kiarabu. Mstari ulivyo ndani ya faili ni huu:

```
Soma KITABU SALA (12-15) kabla ya Ijumaa.
```

Na unavyotokea kwenye kioo, aya ikiwa ya kushoto kwenda kulia:

```
Soma (15-12) ALAS UBATIK kabla ya Ijumaa.
```

Kwamba KITABU SALA imegeuka ALAS UBATIK ni sawa kabisa, hivyo ndivyo Kiarabu kinavyosomwa, kuanzia kulia. Tuangalie mabano. Programu inafika kwenye 12 na kuuliza: herufi ya mwisho yenye msimamo niliyoipita ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Kiarabu. Basi 12 inahesabiwa kuwa namba ya Kiarabu, na 15 vilevile. Kistari kilicho kati yao kina hila yake. Kikiwa kati ya namba mbili zilizofuata Kiswahili, huzishika zikawa kitu kimoja. Kikiwa kati ya namba mbili zilizofuata Kiarabu hakishiki, kinageuka bendera kama nafasi tu. Hivyo 12 na 15 zinakuwa vipande viwili vinavyopangwa kuanzia kulia, na jicho letu linaona 15-12. Mabano nayo ndani yamekuta namba za Kiarabu na nyuma yake yamekuta herufi za Kiarabu, yakajiunga na msafara. Kiarabu chote, pamoja na mabano, kimekuwa kipande kimoja kinachosomwa kulia kwenda kushoto, na mwisho wa kipande hicho uko upande wa kushoto. Ndiyo maana mabano yalionekana yametangulia.

Utaona pia kwa nini baadhi ya vitu haviharibiki. Tarehe iliyoandikwa 12/10 hubaki salama baada ya Kiarabu, na 2:255 hubaki salama, kwa sababu mkwaju na nukta mbili hushika namba za aina zote mbili. Anayeandika 2:255-257 baada ya neno la Kiarabu ataona 257-2:255. Watu huliona hilo wakadhani programu imerukwa na akili, maana nusu ya namba imetulia na nusu imeruka.

Tukirudi kwenye "uk." ya Ustadhi, neno hilo lina herufi za Kilatini zenye msimamo. Lilipoingia ndani ya mabano, kabla ya namba, liliyavuta mabano upande wa aya, na namba zikahesabiwa kuwa zinafuata Kiswahili. Kila kitu kikapangwa kushoto kwenda kulia kama kilivyochapwa. Na nilichokuwa nimechapa kwa mikono yangu ni 15-12.

Kwa hiyo kabla ya kugusa faili yoyote yenye Kiarabu sasa ninafanya jaribio la sekunde tano. Ninaweka kishale mara baada ya bano la kufungia, halafu ninabonyeza `Backspace` mara mbili, nikiangalia kinachofutika. Bonyezo la kwanza huondoa bano, la pili huondoa tarakimu ya mwisho iliyomo katika faili. Ikitoweka 5 ya 15, faili liko sawa na tatizo ni la maonyesho tu. Ikitoweka 2 ya 12, ujue mtu amekwisha pita hapo na kugeuza kwa jicho. Kisha `Ctrl+Z` mpaka maandishi yarudi yalivyokuwa. `Backspace` hula kwa mpangilio wa faili, haidanganywi na kioo.

Baada ya hapo ndipo tiba, na tiba huanzia kwenye aya. Kila aya katika programu ya kuandikia ina mwelekeo wake, na mwelekeo si sawa na kuegemeza. Hapa ndipo kosa la wengi lilipo. Mtu anaandika fungu zima la Kiarabu, anaona limeegemea kushoto, anabonyeza kitufe cha kuegemeza kulia, anaona limekaa ukingoni vizuri, anaendelea na kazi. Aya hiyo bado ni ya kushoto kwenda kulia, imesogezwa tu. Dalili ya kwanza ni nukta ya mwisho kuonekana upande wa kulia wa mstari wa mwisho, yaani pale Mwarabu anapoanzia kusoma. Dalili ya pili ni mbaya zaidi, nayo huja likiwapo neno la Kilatini katikati. Tuseme faili lina mstari huu:

```
MOJA MBILI Zanzibar TATU NNE.
```

Katika aya ya kushoto kwenda kulia, hata ikiegemezwa kulia, utaonekana hivi:

```
ILIBM AJOM Zanzibar ENN UTAT.
```

Msomaji wa Kiarabu ataanzia kulia kama kawaida yake, atasoma TATU NNE, kisha Zanzibar, kisha MOJA MBILI. Nusu ya pili ya sentensi imesomwa kwanza. Mchapaji asiyejua Kiarabu hataona kasoro yoyote, kwa sababu maneno yote yapo na herufi zimeungana vizuri. Mwelekeo wa aya ukibadilishwa, mstari unakuwa:

```
.ENN UTAT Zanzibar ILIBM AJOM
```

Katika Word vitufe viwili vya mwelekeo, vyenye alama ya aya na mshale mdogo, vinakaa kwenye `Home`, karibu na vya kuegemeza. Wengi hawavioni kwa sababu Word huvificha mpaka Kiarabu kiongezwe kwenye `File > Options > Language`. Katika LibreOffice Writer inabidi kutia tiki kwenye `Complex text layout` ndani ya `Tools > Options`, sehemu ya lugha. Ukishafanya hivyo, na kibodi ya Kiarabu ikiwapo kwenye Windows, njia ya mkato ni `Ctrl` pamoja na `Shift` ya kulia kwa aya ya Kiarabu, na `Ctrl` pamoja na `Shift` ya kushoto kwa aya ya Kiswahili. Ni rahisi kuikumbuka: `Shift` ya upande ambako mstari unaanzia.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba aya hupewa mwelekeo wa lugha inayoongoza sentensi, hata kama maneno ya lugha nyingine ni mengi zaidi. Maelezo ya Kiswahili yenye nukuu ndefu ya Kiarabu ndani yake hubaki aya ya kushoto kwenda kulia. Nukuu ikizidi mstari mmoja ninaitoa nje ikae aya yake, kwa sababu nukuu ya Kiarabu inayokatika katikati ya aya ya Kiswahili huanza upande wa kulia wa mstari wa juu na kuendelea katika mstari wa chini, na msomaji asiyezoea hupotea hapo. Huo ni mpangilio sahihi. Wapo wanaouona kuwa kosa, wakapiga `Enter` na kuhamisha maneno ili "yafuatane". Ukurasa ukibadilishwa kutoka A4 kwenda A5, mistari inakatika mahali pengine na maneno yale yaliyohamishwa yanatawanyika, na hakuna wa kuyakusanya isipokuwa anayejua matini kwa moyo.

Aya ikishakaa sawa, yanabaki mabano na namba za mpakani, kama yale ya Ustadhi. Dawa nyepesi umekwisha iona: tia neno la Kiswahili ndani ya bano kabla ya namba. "uk.", "aya", "juzuu", lolote lenye herufi. Haigharimu kitu na haionekani kuwa ni dawa.

Pasipo na nafasi ya neno hutumika alama isiyoonekana. Unicode inayo herufi iitwayo `LRM`, namba yake `200E`. Haina umbo wala upana, haichapishwi kwenye karatasi. Kazi yake ni moja tu: inahesabiwa kuwa herufi ya Kilatini yenye msimamo. Ukiiweka mara baada ya herufi ya mwisho ya Kiarabu, kabla ya nafasi na bano, programu ikifika kwenye 12 na kuuliza herufi ya mwisho ilikuwa ya nani, inajibiwa kuwa ilikuwa ya Kilatini. Mstari wetu unatulia:

```
Soma ALAS UBATIK (12-15) kabla ya Ijumaa.
```

Mwenzake anaitwa `RLM`, namba `200F`, naye huhesabiwa kuwa herufi ya kulia kwenda kushoto. Huyu hufaa nukuu ya Kiarabu inapomalizikia kwa alama ya mshangao ndani ya aya ya Kiswahili. Bila yeye alama hiyo hutoka kwenye Kiarabu na kuganda upande wa kulia wa nukuu, pale nukuu inapoanzia. Ukiweka `RLM` baada ya alama, alama inakuwa kati ya Kiarabu na Kiarabu, basi inakaa kwao. Alama ya kuuliza ya Kiarabu, ile iliyogeuka mgongo, haihitaji msaada huo kwa kuwa yenyewe imepewa msimamo wa Kiarabu. Inayosumbua ni ya Kilatini ikitumika mahali pake.

Kuziingiza si kazi. Katika Writer ziko kwenye `Insert > Formatting Mark`. Katika Word ya Windows weka kishale mahali panapotakiwa, hakikisha kibodi iko kwenye Kilatini, andika `200E` halafu bonyeza `Alt+X`. Herufi zile nne zitatoweka na alama itakuwa imeingia. Angalia tu kwamba herufi iliyotangulia si tarakimu wala si A mpaka F, la sivyo Word itaidaka nayo na kukupa herufi ya nchi usiyoijua. Hilo likitokea, rudisha kwa `Ctrl+Z`, uteue zile nne peke yake kabla ya `Alt+X`. Ukitaka kujua kama faili lina alama hizi, tafuta `^u8206` kwenye kisanduku cha kutafutia cha Word. Hiyo ndiyo 200E kwa hesabu ya kawaida.

Kwa kitabu chenye mabano mengi, Writer huweza kuyaponya yote kwa mara moja. Fungua `Find & Replace`, tia tiki kwenye `Regular expressions`, na katika kisanduku cha kutafuta andika:

```
([\u0600-\u06FF]) \(
```

Maana yake ni herufi yoyote ya Kiarabu, irabu zake zikiwemo, ikifuatiwa na nafasi na bano la kufungulia. Katika kisanduku cha kubadilishia andika `$1`, kisha bandika alama ya LRM uliyoinakili kutoka kwenye hati, kisha nafasi na bano. Kwa macho utaona kama hujabadilisha kitu. Fanya kwanza kwenye nakala ya faili, na uyakague mabano machache kabla ya kuruhusu yote.

Word ina tabia yake ya ziada ambayo inafaa kujulikana. Haitegemei kanuni ya Unicode peke yake. Hukumbuka pia kibodi iliyotumika wakati wa kuchapa. Nafasi au bano lililochapwa kibodi ikiwa bado ya Kiarabu hutiwa alama ndani ya faili kuwa ni la kulia kwenda kushoto, na hubaki hivyo hata majirani zake wakibadilika. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuchapa mstari uleule katika Word ileile, mmoja ukakaa sawa na wa mwenzake ukavurugika. Tabia njema ni kurudisha kibodi kwenye Kilatini, kwa `Alt+Shift` au kitufe cha Windows pamoja na nafasi, mara tu baada ya herufi ya mwisho ya Kiarabu na kabla ya kugusa nafasi. Na kwa kipande kilichokwisha tiwa alama hiyo kikakataa LRM, ninacho kijimakro cha mistari mitatu. Ninateua kipande, ninakiendesha:

```
Sub GeuzaKushoto()
    Selection.LtrRun
End Sub
```

Kile cha kinyume chake ni `Selection.RtlRun`.

Hadi hapa nimezungumzia Kiarabu kilichoingia ndani ya Kiswahili. Kinyume chake hutokea kwenye kadi za mwaliko na mabango ya hauli, ambako aya ni ya Kiarabu na kinachoingia ni namba ya simu. Hapa madhara huwa makubwa, kwa sababu bano lililohama humkera msomaji tu, lakini namba ya simu iliyopinduka humpeleka kwa mtu mwingine. Mchapaji ameandika hivi:

```
SIMU: +255 111 222 333
```

Kadi ikatoka hivi:

```
333 222 111 255+ :UMIS
```

Kila kundi la tarakimu limesalia salama ndani yake, lakini makundi yenyewe yamepangwa kuanzia kulia, kwa kuwa nafasi zilizo kati yao ni bendera na upepo ni wa Kiarabu. Mtu aliyezoea namba za Tanzania atakisia kutokana na ile 255+ iliyojikalia mwisho. Dawa ni LRM moja tu mbele ya alama ya kujumlisha. Namba nzima inakuwa kipande kimoja cha Kilatini na inasomeka ilivyo. Waweza pia kuiandika bila nafasi hata moja, na makundi hayatakuwapo ya kupangwa upya, ingawa alama ya kujumlisha bado itarukia mkiani. Mimi naona LRM ni bora.

Zipo alama mpya zaidi zilizoingizwa katika Unicode 6.3 mwaka 2013, ambazo hufungia kipande kizima kana kwamba kimewekwa ndani ya boksi. Mwaka huohuo ndipo ilipoongezwa kanuni ya kuyatazama mabano kama jozi. Ukifungua hati kwenye programu ya kabla ya hapo utaona bano moja limekwenda na Kiarabu na la pili limebaki na Kiswahili, yote mawili yakitazama upande mmoja. Alama zile za boksi ni nzuri, lakini si kila programu ya kuandikia inazitii, na mimi ninapompa mtu faili sijui atalifungulia wapi. LRM na RLM zinafahamika karibu kila mahali, hata kwenye simu.

Kuna hali moja ambayo dawa zote hizi hazifui dafu. Ni pale Kiarabu kinaponakiliwa kutoka kwenye PDF. Baadhi ya PDF, hasa za zamani, hazikuhifadhi mpangilio wa kusoma. Zilihifadhi michoro ya herufi jinsi ilivyopangwa kwenye karatasi, kutoka kushoto. Ukibandika, unapata maneno yaliyoandikwa kinyumenyume kwelikweli, ndani ya faili lenyewe. Utaligundua kwa jaribio lile la `Backspace`: herufi ya kwanza kufutika inakuwa ile inayoanza neno. Au tafuta neno la Kiarabu unaloliona kwa macho yako kwenye ukurasa, na programu ikujibu kuwa halipo. Hapo usipoteze LRM zako. Tafuta matini asilia mahali pengine au ichape upya, halafu mtu anayesoma Kiarabu apitie neno kwa neno.

Isichanganywe na kasoro nyingine inayofanana nayo kwa mbali, ile ya herufi kutengana na kuanza kushoto mara tu Kiarabu kinapobandikwa kwenye InDesign. Hapo matini huwa ni nzima na mpangaji wa mistari ndiye asiyejua Kiarabu. Badilisha kwenye menyu ya aya uchague `Adobe World-Ready Paragraph Composer`, na herufi zitashikana mikono papo hapo.

Kijitabu cha Ustadhi nilikirudia chote. Nililifungua faili lake la kwanza kwenye flashi, ambalo bahati njema sikuwa nimelifuta, nikaongeza "uk." kwenye kila bano na kuacha namba kama alivyozichapa yeye. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya dakika kumi. Yeye hakuwa amekosea popote.

Kwa hiyo ombi langu kwa mnaotuletea kazi za Kiarabu madukani ni hili: leteni faili lile mlilolichapia, pamoja na PDF yake au picha ya jinsi mnavyotaka ionekane. Na likionekana limevurugika kwenye kompyuta yenu, msiligeuze. Leteni hivyohivyo.